Neno "Haukusababisha" na Barua kwa Kampuni ya Bima

Nitaanza na barua yenyewe, kwa sababu naona wengine wenu mmekuja nazo mkononi. Kampuni ya bima imeandika kwamba hailipi kwa kuwa mteja amevunja sharti tangulizi, yaani sharti ambalo lazima litimizwe kabla wajibu wa kulipa haujaanza. Mteja anajibu kwa hasira, na karibu kila mara sentensi yake kuu ni hii: "Uvunjaji huo haukusababisha hasara." Nimeilalamikia sentensi hiyo mara nyingi hadi wenzangu hunicheka, lakini nitailalamikia tena leo, kwa sababu ni sahihi chini ya sheria moja na ni pungufu chini ya nyingine, na anayeiandika mara nyingi hajafungua hati yake ya bima kuona ni sheria ya nchi gani inayoutawala mkataba.

Chini ya Sheria ya Mikataba ya Bima ya Australia ya mwaka 1984, kifungu cha 54, mteja akithibitisha kwamba kitendo chake hakikusababisha sehemu yoyote ya hasara, kampuni haiwezi kukataa dai kwa sababu ya kitendo hicho peke yake. Hapo neno "haukusababisha" liko nyumbani kwake. Sheria ya Bima ya Uingereza ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika tarehe 12 Agosti 2016, haisemi hivyo. Kifungu chake cha 11 kinamtaka mteja aonyeshe kwamba kutotimiza sharti kusingeweza kuongeza hatari ya kutokea kwa hasara iliyotokea, katika mazingira yale yale ilimotokea. Anayesema "haukusababisha" anasimulia yaliyopita, ilhali anayesema "usingeweza kuongeza hatari" anaziba hata mlango wa uwezekano, na mzigo wa kuuziba ni wake, si wa kampuni.

Mtu ataniambia kwamba huku ni kuchambua maneno tu, na kwamba mwenye akili ataelewa alichokusudia. Ndugu yangu, barua yako haisomwi na mwenye akili anayekutakia mema, bali na mtu aliyepewa kazi ya kutafuta ufa.

Chukueni ghala la nguo. Sharti linasema kengele ya wizi ihudumiwe na fundi aliyeidhinishwa kila baada ya miezi 6, na iwashwe kila ghala linapoachwa bila mtu. Fundi alikuja mara ya mwisho miezi 8 kabla ya wizi, kwa hiyo sharti limevunjwa, na barua nzuri inakiri hivyo katika aya ya kwanza bila kujikunyata. Wezi walitoboa ukuta wa nyuma usiku. Kumbukumbu za mfumo zinaonyesha kwamba kengele iliwashwa saa moja na dakika 40 jioni, kihisi cha nyuma kikashtuka saa nane na dakika 13 usiku, king'ora kikalia, na ishara ikafika chumba cha udhibiti cha walinzi dakika hiyo hiyo. Walinzi walifika dakika 18 baadaye na kukuta wezi wameshaondoka.

Hoja sasa inajengwa hivi. Huduma ya fundi ina kazi ya kuhakikisha kengele inafanya kazi usiku wa tukio. Usiku wa tukio ilifanya kazi, tena kupitia kihisi kile kile kilichokabili tundu la ukutani. Fundi angekuja miezi 6 ilipotimia angeacha kengele inayolia, na ndiyo tuliyokuwa nayo. Kwa hiyo kuchelewa kwake kusingeweza kuongeza hatari ya wizi huu, kwa njia hii, usiku huu. Angalieni maneno "wizi huu" na "usiku huu", maana barua inayozungumzia wizi kwa jumla imekwisha kushindwa: kwa jumla, kengele isiyohudumiwa huongeza hatari, na hilo hakuna anayebisha.

Kampuni haikulala. Ilijibu kwamba picha za kamera zinaonyesha mwizi ndani ya ghala saa nane na dakika 17, dakika 4 mbali na saa ya kengele, na kwamba mfumo unaopishana hivyo ni mfumo usiotunzwa, basi nani ajuaye kihisi kilichelewa kiasi gani? Wateja wengi hapa huanza kurusha maneno juu ya haki na uaminifu. Jibu lilikuwa kwenye kamera yenyewe. Jioni ile kamera ilimwonyesha mtunza ghala akibonyeza kisanduku cha kengele, na saa ya kamera ikasoma saa moja na dakika 44, wakati kisanduku chenyewe kiliandika dakika 40. Saa ya kamera ilitangulia kwa dakika 4, basi. Ukizitoa, mwizi aliingia dakika ile ile kihisi kilipomwona. Picha mbili, ya jioni na ya usiku, zikaambatanishwa na barua, zikawa na nguvu kuliko kurasa zote zilizotangulia.

Na kama kengele isingelia? Basi msinipotezee muda kwa kifungu cha 11, kwa sababu hamtaweza kuonyesha kwamba fundi asingeugundua ubovu.

Kuna mtego mmoja ambao kampuni zimeanza kuutumia. Mwaka 2024 Mahakama Kuu ya London, katika kesi ya Mok Petro iliyohusu shehena ya petroli iliyochanganywa na methanoli, ilieleza kwamba kifungu hiki kinatazama athari ya kutimiza sharti zima, si athari ya kipengele kimoja kilichokosekana. Kauli hiyo haikuwa msingi wa uamuzi, lakini mtaletewa. Msibishane nayo ndani ya barua. Andikeni ngazi mbili: kwanza kwamba kuchelewa kwa fundi kusingeweza kubadili kitu, kisha kwamba hata sharti lote, kuhudumiwa na kuwashwa, lingetimizwa kikamilifu, matokeo yangekuwa kengele iliyowashwa na iliyolia, ambayo ndiyo iliyokuwapo.

Naambiwa muda umekwisha, kwa hiyo mengine nayapitia mbio. Sharti la kutoa taarifa ya hasara ndani ya siku fulani kwa kawaida halimo katika kifungu hiki, kwa sababu taarifa inayotolewa baada ya hasara haiwezi kupunguza hatari ya hasara hiyo. Hapo tafuteni hoja nyingine. Mteja wa kibiashara aangalie kama mkataba wake umekiondoa kifungu cha 11, maana sheria inaruhusu kwa masharti ya uwazi, ila haiziruhusu kampuni kumfanyia hivyo mtu binafsi aliyekata bima kwa mahitaji yake. Na pale ambapo mkataba hautawaliwi na sheria ya aina hii, hoja ya hatari inaweza isifae kitu; ulizeni kwanza kama sharti lenyewe kweli ni tangulizi, au kampuni imelibandika jina hilo baada ya moto kuzimika.

Sentensi ya kumalizia barua ni hii, na anayetaka aiandike sasa: "Kwa kuwa kutotimizwa kwa sharti hakungeweza kuongeza hatari ya hasara hii katika mazingira ilimotokea, tunawaomba mtueleze kwa maandishi, ndani ya siku 14, ni kwa njia gani hasa mnadai kungeweza." Ikijibiwa kwa maneno ya jumla, nileteeni jibu hilo.