Asilimia kumi ya nini? Kusoma taarifa ya mapato na matumizi ya jumuiya

(Mhadhara kwa washika fedha na wajumbe wa kamati za jumuiya, Chake Chake, Pemba)

Assalamu alaykum ndugu zangu. Nimeombwa niseme juu ya taarifa za mwaka za jumuiya zetu, na nitashika mambo mawili tu: sehemu ya fedha inayoliwa na uendeshaji, na gharama ya kumhudumia mtu mmoja. Wafadhili huyatazama hayo kabla ya kitu kingine chochote, na kwa sababu hiyo ndiyo yanayopambwa zaidi.

Tuchukue jumuiya ya mfano, nimeitunga mwenyewe, msiitafute. Inapima macho ya watoto wa skuli na kuwapa miwani wanaohitaji. Mwaka huu imepata shilingi milioni 96 na kutumia milioni 80. Miwani na dawa milioni 26, mafuta na boti milioni 9, posho za wauguzi wa muda milioni 5, mishahara milioni 30, kodi ya ofisi na umeme milioni 7, mkaguzi wa hesabu milioni 3.

Ukurasa wa mbele umeandikwa: "Uendeshaji ni asilimia 10 tu." Imetoka wapi? Wamechukua ofisi na mkaguzi, milioni 10, wakagawa kwa milioni 96 zilizoingia. Lakini milioni 16 kati ya hizo bado zimelala benki, hazijamhudumia mtu. Ukigawa kwa zilizotumika, yaani 80, unapata asilimia 12.5. Tofauti ni ndogo, najua. Ila mwaka ambao mfadhili analeta fedha nyingi mwezi wa Disemba, tofauti hiyo inakuwa kubwa sana.

Penye uzito ni mishahara. Yote milioni 30 imewekwa chini ya "mradi". Fungueni kurasa za nyuma, kwenye maelezo ya hesabu: muuguzi milioni 10, mratibu milioni 12, mshika fedha milioni 8. Muuguzi ni wa mradi, hapana ubishi. Mshika fedha hapimi macho ya mtu, kwa hiyo milioni 8 zake ni uendeshaji. Mratibu je? Nusu ya wiki yumo maskulini, nusu anaandika ripoti na kukaa vikaoni, basi tumgawe nusu kwa nusu, milioni 6 huku na 6 kule. Sasa uendeshaji ni 10 na 8 na 6, milioni 24. Kwa 80, hiyo ni asilimia 30.

Hakuna shilingi iliyoibiwa wala iliyohama. Kilichobadilika ni safu ya kuandikia. Kwa hiyo mkikuta mishahara yote iko upande wa mradi, ombeni karatasi za muda wa kazi za mratibu. Kama hazipo, ule mgao umekisiwa.

Upo na mlango mwingine. Wakiletewa miwani ya msaada na kujiandikia kuwa ina thamani ya milioni 40, matumizi yanapanda hadi 120, na zile 24 zinageuka asilimia 20. Muulizeni nani kaipa thamani hiyo, na kwa bei ya soko lipi. Bei ya duka la Ulaya si bei ya Darajani.

Sasa watu. Ripoti inasema wanufaika 8,000, kwa hiyo shilingi 10,000 kwa kila mmoja. Rahisi mno! Ukiuliza, utaambiwa vipimo vilikuwa 1,600, wakazidisha kwa watu watano wa kila nyumba, eti mtoto akiona vizuri na baba yake kanufaika. Nami sikatai kuwa baba anafurahi, lakini hakupimwa. Kisha rudini kwenye daftari la mahudhurio: hiyo 1,600 ni idadi ya mara, si ya watoto. Wapo walioitwa tena. Majina yasiyojirudia ni 1,250. Gawa milioni 80 kwa hao, unapata shilingi 64,000 kwa mtoto.

Na waliopewa miwani ni 200. Ukigawa yote kwa hao ni 400,000 kwa mmoja, na huko nako ni kuwaonea, maana kupima mtoto akakutwa mzima ni kazi vilevile. Mimi ningeandika yote mawili, waliopimwa na waliopewa, kila moja na idadi yake.

Kaka pale mbele ameuliza kama jumuiya yenye 64,000 ni mbaya kuliko ya mjini yenye 40,000. Si lazima. Hii inavuka kwa boti kwenda Kojani na Fundo, ile inatembea kwa miguu kutoka skuli moja hadi nyingine. Na ada ya mkaguzi haipungui kwa kadiri jumuiya ilivyo ndogo: milioni 3 katika 80 zinauma, katika 800 hazionekani. Ilinganisheni na hesabu yake yenyewe ya mwaka jana, kwa mgao uleule wa mishahara na daftari lilelile la majina. Ikiwa mwaka jana mtoto mmoja aligharimu 45,000 na visiwa ni vilevile, hapo ndipo pa kumwita mratibu na stakabadhi zake za mafuta.