Imeili ya kufunga faili: mteja amenyamaza mara nne

Haya, karibuni. Niko Kondele, Kisumu, na hizo kelele nyuma yangu ni mafundi wanachomelea majiko yetu. Sisi tunauza majiko ya kuokoa kuni kwa shule za bweni. Leo naandika imeili ya tano kwa naibu mwalimu mkuu wa shule moja huko Kakamega. Nilienda nikapima jikoni lao, nikamtumia bei ya majiko mawili ya lita 200, nikamwandikia tena mara tatu. Kimya. Kabla hujaniuliza kwenye maoni, simu nilipiga. "Niko kwenye mkutano, nitakupigia." Hiyo nitakupigia mnaijua.

Kwenye Gmail, fungua ile imeili ya bei, bonyeza `Reply`. Usianze mpya, maana akiifungua anataka kuona bei palepale chini bila kutafuta. Kichwa cha habari kiache kilivyo.

Sasa ngoja. Kabla hujaandika hata salamu, nenda upande wa kushoto, tafuta `Scheduled`. Hapa... jua linapiga kioo, hamuoni kitu. Subiri nigeuze laputopu. Hapo sasa. `Scheduled` ni zile imeili ulizozipangia zijitume zenyewe. Mwaka jana niliaga mteja vizuri kabisa, nikamwambia sitamsumbua tena. Jumatatu saa mbili asubuhi ikajituma nyingine: "Nafuatilia tu kidogo." Mimi huyo huyo! Aliyekuwa amenijibu kwa heshima hakunijibu tena mpaka leo. Kwa hivyo angalia. Mnaona, hata hapa kuna moja, ya tarehe ishirini. Ifungue, bonyeza `Cancel send`. Haipotei, inarudi kwenye `Drafts`, basi huko nako ifute.

Tunaandika. Nasoma nikiandika:

"Habari ya asubuhi Mwalimu. Naona suala la majiko si la muhula huu, na hakuna neno. Kwa upande wangu nafunga faili, sitakuandikia tena kulihusu. Ile bei ilikuwa ya hadi mwisho wa Juni. Siku mkiwa tayari, nijibu hapa hapa nikupe mpya. Kama nimekuelewa vibaya na bado mnalifikiria, niandikie tu neno 'Bado'. Asante kwa kunionyesha jikoni, na wapishi wasalimie."

Imeisha. Sasa tazameni nilichoacha. Sijasema "nimekuandikia mara nne". Yeye anajua, na ukimhesabia umemshtaki. Huyu mwalimu hanidharau. Pengine bodi ya shule imekataa bajeti na anaona haya kuniambia baada ya kunipa chai. Kila imeili ninayomtumia inamwongezea deni la kujibu, na deni likikua mtu hujificha. Hii ya leo inamfutia deni. Ndiyo maana wengine hujibu hii baada ya kunyamazia zote.

Punguzo pia sijaweka. Ukitoa punguzo hapa, umemfundisha kwamba akinyamaza bei inashuka. Na tarehe ya bei ni ya kweli, iko kwenye karatasi niliyomtumia. Kama yako haina tarehe, usiitunge sasa, iache.

Neno "Bado" nalipenda mno, samahani. Mtu akiwa gwarideni na simu mkononi ataandika herufi nne. Ukimuuliza "Je, changamoto ni bajeti au muda au..." atasema nitajibu jioni, na jioni haifiki.

Muda: nimeacha wiki mbili tangu ile ya nne. Pia angalia kama shule haijafunga, kwa sababu likizoni humwagi mtu, unaongea na ofisi tupu. Mimi hutuma Jumanne. Jumatatu asubuhi walimu wana mambo yao.

Nimetuma... la, sijatuma! Uliangalia `Scheduled`? Rudi uangalie. Na kama mwenzako ofisini naye humwandikia mteja huyohuyo, mwambie aache. Mimi namwita. "Wewe! Yule wa Kakamega, usimguse tena!" Amesikia.

Sasa natuma.

Asipojibu, umesema hutaandika, basi usiandike. Wiki ijayo usimtumie "nilitaka tu kuhakikisha umepata". Mimi naweka alama kwenye kalenda, Januari, shule zikifungua. Hapo nikiwa na jambo jipya kweli, kama jiko la ukubwa mwingine, nitaanza imeili mpya, si hii. Nikiwa sina, namwacha.

Akijibu "Bado", usimrukie na karatasi ya malipo. Muulize swali moja: bodi inakaa lini? Halafu... aa, stima imepotea. Angalau mafundi wamenyamaza. Video ya bei za majiko nimeiweka hapo chini.