Mali Imeandikwa kwa Jina la Nani? Hisa na Kripto Tangu Kununua Hadi Kumiliki

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kuitikia mwaliko.

Karibu kila anayenijia na swali la kripto huanza na bei: itapanda au itashuka, ninunue leo au ningoje? Jioni hii naomba tuiweke bei kando na kufuata jambo moja, yaani safari ya mali yenyewe tangu mtu anapotoa fedha zake hadi anapoweza kusema kwa haki kwamba kitu hiki ni chake. Hisa na kripto huonekana ndugu kwenye simu, kwa sababu zote mbili zina grafu na vitufe vya kununua na kuuza. Ukiifuata safari hiyo, utaona zinaachana mapema sana.

Tuanze na mtu anayenunua hisa 1,000 za Safaricom katika soko la hisa la Nairobi. Haingii sokoni mwenyewe, bali hupitia kwa dalali mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Kabla ya kununua chochote hufunguliwa akaunti ya CDS, yaani akaunti ya kutunzia hisa kielektroniki, na hapa naomba mnisikilize vizuri: dalali ndiye anayemsaidia kuifungua, lakini hisa haziandikwi katika daftari la dalali. Huandikwa katika hifadhi kuu, CDSC, ambayo si dalali na wala si soko. Agizo lake la Jumatatu likikutana na la muuzaji, hisa bado hazijahama. Siku ya tatu ya kazi, yaani Alhamisi, ndipo zinapotoka katika akaunti ya muuzaji na kuingia katika yake, huku fedha zikielekea upande wa pili.

Wako wanaolalamika kwamba siku tatu ni nyingi mno. Mimi naona kwamba ndani ya ucheleweshaji huo kuna mgawanyo wa kazi wenye thamani kubwa: anayewakutanisha wanunuzi na wauzaji, anayekuwakilisha wewe, na anayehifadhi mali ni watu watatu tofauti. Dalali akifilisika kesho, hisa zako hazimo katika mali zake. Sisemi kwamba wizi hauwezekani. Mwezi Machi 2008, kampuni ya udalali ya Nyaga iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria, na uchunguzi ulionyesha kuwa hisa za wateja zilikuwa zimeuzwa bila idhini yao. Ila mteja alikuwa na mahali pa kwenda kulinganisha, kwa kuwa taarifa ya akaunti yake ilikuwa katika hifadhi kuu, nje ya mikono ya dalali aliyemkosea.

Sasa tumwangalie mtu anayenunua Bitcoin kupitia jukwaa la kubadilishia sarafu. Anajisajili kwa kitambulisho, anatuma fedha, pengine kwa M-Pesa kupitia muuzaji mwingine aliyeko kwenye jukwaa hilo hilo, na sekunde chache baadaye skrini inamwonyesha salio la nusu Bitcoin. Anaamini amenunua. Kwa kweli alicho nacho wakati huo ni ahadi. Jukwaa limeandika katika daftari lake la ndani kwamba yeye analidai kiasi hicho, na Bitcoin zenyewe zimechanganywa na za wateja wengine katika anwani ambazo funguo zake, yaani siri zinazoruhusu kuzihamisha, zinashikwa na jukwaa. Kwenye mnyororo wa Bitcoin, yaani daftari la pamoja la miamala yake yote, jina lake halipo wala anwani yake haipo. Zaidi ya hayo, kampuni moja imekuwa soko, dalali, hifadhi, na mara nyingi mkopeshaji pia. Ule mgawanyo wa kazi tuliouona Nairobi umetoweka.

Linaloweza kutupata kutokana na hali hiyo lilionekana waziwazi katika jukwaa la FTX. Lilianzishwa mwaka 2019, na katika muda mfupi likawa miongoni mwa majukwaa makubwa duniani. Mwanzoni mwa Novemba 2022 ilijulikana kwamba kampuni dada yake, Alameda, ilikuwa imejaza vitabu vyake vya hesabu kwa tokeni, yaani sarafu ya kidijitali, ambayo FTX yenyewe ndiyo iliyoitoa. Wateja wakakimbilia kutoa mali zao. Tarehe 8 utoaji ulisimamishwa, na tarehe 11 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi. Wasimamizi wapya walipofungua hazina walikuta Bitcoin 105 katika jukwaa lake la kimataifa, ilhali wateja waliandikiwa kwenye skrini zao karibu Bitcoin 100,000. Mali za wateja zilikuwa zimetumiwa na Alameda. Mwanzilishi wake, Sam Bankman-Fried, alihukumiwa kifungo cha miaka 25 mwezi Machi 2024.

Naomba tufanye hesabu ya mteja aliyekuwa na nusu Bitcoin pale. Mahakama iliyapima madai yote kwa bei ya siku ya kufilisika, ambayo kwa Bitcoin moja ilikuwa takriban dola 16,871. Dai lake likawa dola 8,435. Wadai wadogo walianza kulipwa Februari 2025, takriban asilimia 119 ya madai yao kwa kuhesabu na riba, hivyo yeye alipokea kama dola 10,000. Magazeti yakaandika kwamba wateja wamerudishiwa zaidi ya walichopoteza. Lakini siku hiyo hiyo nusu Bitcoin ilikuwa na thamani ya zaidi ya dola 45,000. Mtu huyu alidhani anamiliki kitu, na mahakama ikamweleza kwamba alikuwa anadai fedha. Tofauti ya maneno hayo mawili ilimgharimu zaidi ya dola 35,000 na miaka miwili ya kungoja. Mwenye hisa ambaye dalali wake amefilisika huhamishia hisa zile zile kwa dalali mwingine, na bei ikipanda, imepanda kwake.

Mtaniuliza dalili ni zipi. Ninayoiamini kuliko zote ni utoaji. Jukwaa ambalo jana lilikamilisha utoaji kwa dakika kumi na leo linasema ombi lako linachunguzwa, bila tatizo lolote katika mtandao wa sarafu husika, linapaswa kuchukuliwa kwa uzito siku hiyo hiyo. Baadhi ya majukwaa huchapisha ushahidi wa akiba, nao ni bora kuliko kimya, lakini huonyesha kilichomo ndani kwa wakati fulani na mara nyingi haukamilishi habari ya madeni. Sanduku lenye Bitcoin 1,000 halikuambii kitu mpaka ujue linadaiwa ngapi.

Niingie sasa katika suala la saa, kwa sababu linaungana na hili la hifadhi kuliko watu wanavyodhani. Soko la Nairobi huanza biashara saa tatu na nusu asubuhi na kufunga saa tisa alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa, na bei ya hisa haiendi zaidi ya asilimia 10 juu au chini kwa siku moja. New York nako kuna breki: mwezi Machi 2020 biashara nzima ilisimamishwa kwa dakika 15 mara nne, baada ya kushuka kwa asilimia 7. Kripto haina saa ya kufunga wala breki ya pamoja, kwa kuwa hakuna soko moja la kulifunga.

Ijumaa tarehe 10 Oktoba 2025, Rais wa Marekani alitangaza ushuru mpya wa asilimia 100 kwa bidhaa za China. Tangazo lilitoka baada ya soko la hisa la New York kufungwa, nasi huku ilikuwa karibu saa sita usiku. Wenye hisa wakawa na Jumamosi na Jumapili za kutafakari. Kwenye kripto, Bitcoin, iliyokuwa juu ya dola 120,000 mapema siku hiyo, ilishuka hata chini ya dola 108,000 katika majukwaa kadhaa makubwa, na nafasi za mkopo zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 19 zilifungwa kwa nguvu katika muda usiozidi siku moja.

Kufungwa kwa nguvu maana yake ni hii. Mtu ameweka dhamana ya dola 1,000, jukwaa likamruhusu kushika Bitcoin ya dola 10,000 kwa bei ya 120,000. Bei ikishuka kwa asilimia 10, hadi 108,000, dhamana yake yote imekwisha, na jukwaa huuza hata kabla ya hapo ili lisipate hasara. Huuza lenyewe, kwa kuwa ndilo linaloshika mali, ndilo linaloshika mkopo, na ndilo soko. Saa sita usiku yeye amelala. Akiamka alfajiri na kukuta bei imerudi juu, haimsaidii, nafasi yake haipo tena. Nikiri kwamba kufungwa kwa soko la hisa nako kuna adhabu, kwani habari mbaya ya Jumamosi hukufungulia Jumatatu kwa bei iliyokwisha kuruka chini na huna mlango wa kutokea. Lakini asiyekopa, katika soko lolote kati ya haya, hatolewi usingizini.

Kuna dawa ya hatari ya jukwaa, nayo ni pochi yako mwenyewe. Pochi haina sarafu ndani yake. Sarafu ziko kwenye mnyororo, na pochi hushika funguo zinazotoa idhini ya kuzihamisha. Unapoiunda hukupa maneno 12 au 24, yaliyochaguliwa kutoka katika orodha ya maneno 2,048, na maneno hayo ndiyo funguo zote. Atakayeyasoma amekuwa mwenye mali. Ukiyapoteza, umekuwa huna. Hakuna dawati la huduma litakalokubadilishia. Kwa hiyo yaandikwe kwenye karatasi, si kupigwa picha kwa simu, na kabla ya kuhamisha kiasi kikubwa tuma kidogo, futa pochi, kisha ijenge upya kwa maneno uliyoandika. Kama salio limerudi, umeandika sawasawa. Wengi huruka hatua hii, na kosa la neno moja hugundulika miaka mitatu baadaye.

Hata pochi isiyounganishwa na mtandao huhitaji macho. Tarehe 21 Februari 2025 jukwaa la Bybit liliibiwa sarafu za ether zenye thamani ya takriban dola bilioni 1.5 kutoka katika hifadhi ya aina hiyo. Watia saini wa jukwaa, yaani wanaoidhinisha uhamisho, waliona skrini iliyoonyesha uhamisho wa kawaida, kumbe walichokitia saini kilikuwa kingine. Ndiyo maana nasisitiza kusoma anwani kwenye kifaa chenyewe cha pochi, herufi za mwanzo na za mwisho na za katikati, si kwenye kompyuta peke yake.

Nimalizie na mirathi, kwa kuwa huulizwa mara chache. Mwenye hisa akifariki, warithi huenda mahakamani, iwe ya Kadhi au nyingine, hupata hati ya usimamizi, na hisa huhamishwa kwao hata kama marehemu hakumwambia mtu neno. Kwa pochi, hati ya mahakama haifungui chochote. Njia ninayowashauri wateja wangu ni kuweka karatasi ya maneno ndani ya bahasha iliyofungwa na kutiwa saini juu ya gundi, mahali pa usalama, na kuandika katika wasia kwamba bahasha hiyo ipo na iko wapi, bila kuyaandika maneno yenyewe, kwa sababu wasia husomwa na watu wengi.