Mwezi Hauna Wiki Nne: Bajeti ya Simu na Intaneti Ofisini

Habari za asubuhi. Najua wengine mmeshanisikia nikilisema hili, lakini bajeti zenu za mawasiliano nimezipitia na kosa ni lile lile, kwa hiyo vumilieni.

Chukueni ofisi ya hapa Tanga mjini yenye watumishi sita wa uwandani: wanne Muheza na Pangani, wawili Lushoto. Kila mmoja anawekewa bando la wiki la shilingi 5,000. Bei ni ya mfano, msije mkaniambia nyie mnapata la 4,500. Mhasibu anaandika: 5,000 mara 4, mara watu 6, ni 120,000 kwa mwezi. Mara 12, ni 1,440,000 kwa mwaka. Bosi anatia saini.

Haya, 4 mara 12 ni ngapi? 48. Mwaka una wiki 52. Hizo nne kazipeleka wapi? Zinataka 120,000 nyingine, nayo haimo. Tena haidaiwi kwa mkupuo Desemba. Ukiweka bando kila Jumatatu, karibu kila robo mwaka utakutana na mwezi wenye Jumatatu tano, nao utakula 150,000. Hapo mtu wa Lushoto hapatikani, mnalaumu milima, kumbe hana salio! Anzeni na mwaka: 5,000 mara 52, mara 6, ni 1,560,000. Kisha mkigawa kwa miezi, shikeni kalenda mhesabu Jumatatu. Msigawanye kwa 12 tu.

Dada pale nyuma ananitazama kama anayesema, "Si tununue la mwezi, yaishe?" Dada yangu, la mwezi ni la siku 30. Mara 12 ni siku 360. Utanunua la 13 kabla mwaka haujaisha. Pengo ni dogo zaidi, sikatai. Lakini GB zote zinaingia siku moja, Coastal Union ikifunga kila mtu anatazama bao mara kumi, na ikifika tarehe 20 picha za fomu haziendi.

Na hiyo 5,000 yenyewe imetoka wapi? Msiwaulize watu wanataka ngapi. Hesabuni kazi. Mtumishi ana kaya 40 kwa mwezi, kila fomu ina picha tatu za MB 2: jumla MB 240 tu. Lakini kila kaya anaipigia mara mbili, dakika tatu tatu: dakika 240. Huyu anahitaji dakika, tena za mitandao yote, maana wakulima hawakuchagua laini kwa kufuata ofisi yenu. Nyinyi mnampa GB!

Naonyeshwa saa. Laini ya pili kwa watu wa Lushoto, iwe na mstari wake kwenye bajeti. Intaneti ya ofisi, mkitajiwa bei ulizeni kama kodi ya ongezeko la thamani imo, na muandike ile yenye kodi. Simu ya mezani nairuka. Kama bado mnayo, tuonane nje.