Oda Pacha, na Upande Mmoja Unapotimia Nusunusu

Mabibi na mabwana, niruhusuni nianze na soko la Kongowea. Mtu ana magunia kumi ya vitunguu, naye amewaagiza madalali wawili: wa kwanza auze bei ikipanda, wa pili auze bei ikianza kuporomoka, na yeyote atakayeuza kwanza mwenzake aache. Sasa dalali wa kwanza amepata mnunuzi wa magunia matatu tu. Je, wa pili aambiwe nini?

Oda pacha, zile ambazo kwenye skrini huandikwa OCO, yaani one cancels the other, moja humfuta mwenzake, zina suala hilohilo. Tuseme mteja amenunua hisa 1,000 kwa shilingi 20, akaweka oda ya faida kwa shilingi 22 na oda ya kinga kwa shilingi 19. Bei inagusa 22, hisa 300 zinauzwa, kisha wanunuzi wanakwisha. Faida iliyopatikana ni shilingi 600, na hisa 700 bado zi mkononi.

Programu iliyoandikwa kwa haraka hufuata jina la oda neno kwa neno: upande mmoja umeguswa, basi ifute wa pili. Hisa 700 zinabaki bila kinga, na bei ikishuka hadi 17, hasara yake ni shilingi 2,100, badala ya 700 ambazo mteja alikuwa amezikubali. Programu nyingine husubiri oda ya faida itimie yote ndipo ifute. Hapo kinga inabaki na hisa 1,000. Ikiamka, inauza hisa 300 ambazo mteja hana, na broka akiruhusu mauzo ya namna hiyo, mteja anajikuta anadaiwa. Bei ikirudi 21, kuzinunua tena kunamla shilingi 600, yaani faida yote ileile. Mimi naiogopa zaidi hii ya pili, kwa sababu mteja anadhani ameshatoka sokoni.

Jibu, kama kwa dalali wetu, ni kumpigia simu: "Yamebaki saba." Kinga haifutwi bali inapunguzwa hadi 700, na ni bora iwe kwa agizo moja la kurekebisha, kwani kufuta na kuweka upya huacha mwanya usio na kinga. Baadhi ya mifumo hulifanya hili yenyewe: katika itifaki ya FIX, lugha ambayo mifumo ya mabroka na masoko hutumiana oda, uga wa 1385 wenye thamani 1 humaanisha kufuta, na wenye thamani 3 humaanisha kupunguza. Msipoambiwa ni ipi inayotumika, ulizeni kabla ya kuandika mstari wowote.

Mkiifanya wenyewe, hesabu isitokane na kipande kilichouzwa punde. Ujumbe wa hisa 300 ukirudiwa baada ya mtandao kukatika, programu inayotoa kila kipande itatoa mara mbili, na kinga itabaki na hisa 400 ilhali mteja ana 700. Tumieni jumla, uga wa 14, unaoitwa CumQty:

```
baki = iliyonunuliwa - CumQty_faida - CumQty_kinga
```

Ujumbe ukirudiwa mara kumi, jibu ni lilelile. Tena msidanganywe na LeavesQty, uga wa kiasi cha oda ambacho bado kinangoja kutimia, kwani oda ikifutwa thamani hiyo huwa sifuri, ingawa hisa za mteja zingali zipo.

Kisha kuna simu inayopishana na mauzo. Agizo la kupunguza hadi 700 likiwa njiani, hisa 200 zaidi zinauzwa kwa 22. Programu isirushe agizo la pili juu ya la kwanza. Ingoje jibu, ikokotoe `baki` upya, ione 500, ndipo irekebishe tena. Na kama jibu ni kukataliwa kwa sababu kinga imeshauza zote 1,000, jambo adimu isipokuwa bei hizo mbili zimekaribiana au soko limeruka, `baki` itakuwa chini ya sifuri. Hapo programu ifute masalio ya oda ya faida, isubiri uthibitisho wa kufutwa, ndipo inunue upungufu huo na kumwita binadamu.

Upande wa kinga ukitimia nusunusu, sishauri ulinganifu. Turudi kwenye zile hisa 700: kinga yenye kikomo, isiyouza chini ya bei iliyowekwa, inaweza kuuza hisa 250 kwa 19, kisha bei ikapita chini na 450 zikakwama. Kupunguza oda ya faida hadi 450 ni hesabu sahihi, lakini mteja alikwisha kuchagua kutoka. Mimi hufuta oda ya faida yote, hungoja muda mfupi uliopangwa, sekunde mbili kwa mfano, kisha huigeuza kinga iliyosalia kuwa oda ya bei ya soko, nikikubali kwamba zile 450 zinaweza kwenda kwa 18.60.