Plasebo au kipozauongo? Fomu ya ridhaa mezani

KAKA: Haya karibuni tena. Leo tunatafsiri kutoka Kiingereza fomu ya ridhaa, ile anayopewa mtu kabla hajaingia kwenye majaribio ya dawa. Dada, ukikutana na plasebo unafanyaje?

DADA: Naiacha plasebo, ila sentensi inayofuata lazima niifafanue, naandika "kidonge kinachofanana na dawa ya utafiti lakini hakina dawa ndani yake". Baada ya hapo naendelea na plasebo tu mpaka mwisho.

KAKA: Si kuna kipozauongo?

DADA: Kipo ndio, lakini msomaji wa kule kijijini hakijui kama asivyoijua plasebo, halafu hapo katikati anaona uongo, unadhani atasaini? Na nesi mwenyewe kliniki anasema plasebo.

KAKA: Mi nishaona mtu kaandika dawa bandia.

DADA: Mama yangu! Dawa bandia si ndo zile mamlaka ya dawa, TMDA, wanazikamata madukani? Ndo maana kamati za maadili ya utafiti hutaka fomu irudishwe kwa Kiingereza na mtu mwingine ambaye hajaiona ile ya mwanzo, hapo dawa bandia inarudi kama dawa feki na mnaishtukia mapema.

KAKA: Ila hiyo njia nayo haikamati kila kitu. Chukua "bahati nasibu", kugawa watu kwenye makundi. Ikirudi Kiingereza inaonekana safi kabisa, kumbe mshiriki anawaza droo, anadhani akiangukia dawa kashinda na mwenzake wa plasebo kala hasara.

DADA: Hilo utaligundua kwa kumsomea mtu wa kawaida na kumwambia haya nieleze wewe umeelewa nini, usimuulize kama kaelewa maana atakujibu ndiyo ili muondoke.

KAKA: Kwa hiyo hapo unaandikaje?

DADA: Hapo sikopi wala siundi neno, naeleza. "Kompyuta ndiyo itapanga uingie kundi gani, wewe huchagui na daktari hachagui, ni kama kurusha shilingi." Ndefu eeh, lakini mtu anaisoma mara moja tu ili aamue. Plasebo nimeikopa kwa sababu ataisikia kila akija kliniki.

KAKA: Na mililita za damu atakayotolewa?

DADA: Mililita ibaki, sindano imeandikwa hivyo. Naongeza "mililita 5, kama kijiko kimoja cha chai", watu wanaogopa sana kutolewa damu bwana.

KAKA: Na fomu ikivuka kwenda Mombasa? Huku kwetu Tanzania UVIKO-19, kule Korona.

DADA: Unabadilisha, na pia unaandika pembeni kwenye orodha yenu ya istilahi nani anatumia lipi. Fanya kabla ya kupeleka kamatini, kwa sababu ikishapitishwa ukitaka kugusa neno moja tu inabidi fomu irudi kupitiwa upya, na utafiti unakusubiri wewe mtafsiri.