Notisi Imekuja kwa Picha: Barua ya Kumjibu Mwenye Jengo wa Kiitaliano

MWANAHAWA: Karibuni tena. Leo tuna barua moja tu mezani, ila imetukalisha usiku mbili. Mama yangu mdogo ana duka la ushonaji hapa Malindi, amelipanga mwaka wa sita sasa. Mwenye jengo ni Mtaliano, anaishi kwao, huku kamwacha msimamizi. Tarehe 19 Machi msimamizi akamtumia mama mdogo picha kwa WhatsApp. Karatasi imewekwa juu ya meza, ina kivuli cha mkono, imeandikwa Kiitaliano kitupu. Chini ya picha ameandika, “Soma hii mama.”

KAZUNGU: Asome vipi, naye Kiitaliano chake ni cha kuuzia vitambaa?

MWANAHAWA: Ndiyo hapo. Mwanawe akaipitisha kwenye programu ya kutafsiri ya simu. Ikatoka kwamba “kondakta” atalipa “kanuni” ya shilingi 25,000 kuanzia tarehe 7 Aprili. Mama mdogo akanipigia akiwa anatetemeka, anauliza hilo gari ni la nani.

KAZUNGU: Wewe ulifanya kazi mapokezi hotelini miaka, lugha yao unaijua. Waeleze wasikilizaji hilo kondakta limetoka wapi.

MWANAHAWA: Neno lililo kwenye picha ni *conduttore*. Mtaani kwao ni dereva au mtangazaji, lakini kwenye mkataba wa nyumba *conduttore* ni mpangaji. Na *canone* hapo si kanuni, ni kodi ya pango. Programu ilichukua maana ya mtaani ikaibandika kwenye karatasi ya sheria. Ukiona tafsiri ina mtu ambaye hana kazi kwenye jambo lenyewe, kama kondakta kwenye duka la cherehani, ujue neno hilo lina maana nyingine. Rudi kwenye karatasi uliangalie hilo peke yake.

KAZUNGU: Na tarehe?

MWANAHAWA: Tarehe ndiyo iliyonitoa jasho. Waitaliano wengi wakiandika moja kwa mkono huivuta mkia mrefu juu, hata kwa macho yetu inafanana na saba. Saba yao huipiga kistari katikati. Nikaikuza picha, nikatafuta saba nyingine kwenye karatasi ile ile. Ipo moja kwenye nambari ya simu, nayo ina kistari. Ile ya tarehe haina. Kwa hiyo ni tarehe 1 Aprili, si 7. Siku sita si nyingi, lakini barua ya kisheria ukikosea tarehe umejipunguzia nguvu mwenyewe.

KAZUNGU: Pesa nazo wao huziandika kinyume na sisi.

MWANAHAWA: Huweka nukta penye mkato wetu. “18.000,00” ni elfu kumi na nane kamili. “25.000,00” ni elfu ishirini na tano. Kodi inapanda kwa 7,000 kwa mwezi, karibu asilimia 39 kwa mkupuo mmoja.

KAZUNGU: Mimi nilipoiona ile picha kitu cha kwanza nilichouliza ni huku chini kumekatwa nini.

MWANAHAWA: Na ulifanya vyema. Mstari wa mwisho ulikuwa umekatwa katikati ya maneno. Tukamwomba msimamizi apige upya, karatasi nzima, pembe zote nne zionekane, mchana, bila mkono juu yake. Ilipokuja, mstari ule unasema asipopinga kwa maandishi ndani ya siku 15 itahesabiwa kuwa amekubali.

KAZUNGU: Na karatasi imeandikwa tarehe 3 Machi.

MWANAHAWA: Tarehe 3! Picha imefika tarehe 19. Ukihesabu siku 15 tangu ilipoandikwa, muda wa kupinga umekwisha kabla mama mdogo hajaiona. Alilia, Kazungu. Mtu ana wateja wa sare za shule wanamsubiri, na hapo anaambiwa kimya chake kimemfunga.

KAZUNGU: Hakikumfunga, na hapa naomba nikae kidogo, maana nimekuwa karani kwenye afisi ya mawakili na jambo hili limepita mikononi mwangu mara nyingi. Hapa Kenya duka, hoteli au mkahawa una sheria yake, Sura ya 301. Kama huna mkataba wa maandishi, au unao wa maandishi usiozidi miaka mitano, upangaji wako unalindwa. Mama mdogo hana mkataba wa maandishi?

MWANAHAWA: Hana. Walipeana mikono, na kila mwezi risiti.

KAZUNGU: Basi analindwa. Watu wengi hudhani asiye na karatasi hana haki, na kwa duka ni kinyume chake. Kifungu cha 4 kinamtaka mwenye jengo atumie fomu maalumu iliyowekwa na sheria. Aeleze sababu za kutaka mabadiliko. Na mabadiliko yasianze kabla ya miezi miwili tangu mpangaji apokee notisi, si tangu ilipoandikwa. Mpangaji naye ana mwezi mmoja, tangu apokee, wa kujibu kwa maandishi kama anakubali au hakubali. Zile siku 15 mwenye jengo kajitungia.

MWANAHAWA: Nikasema basi karatasi haina nguvu, tuiache.

KAZUNGU: Na mimi nikakukatalia. Kifungu cha 10 kinasema notisi iliyo sawa ikikaa bila kujibiwa na bila kupelekwa mbele ya baraza la kodi za majengo ya biashara, inashika kazi tarehe iliyotajwa. Wewe unajua ya picha ina kasoro, lakini kesho mtu anaweza kudai alileta na nyingine ya kawaida akampa fundi dukani. Jibu lako la maandishi ndilo linaloonyesha ulipokea nini, lini na kwa njia gani. Tukaandika jibu tarehe 22 Machi.

MWANAHAWA: Isome.

KAZUNGU: Juu kulia anwani ya duka na tarehe. Kushoto chini yake, “Kwa Mwenye Jengo, kupitia kwa Msimamizi wake, Malindi.” Halafu:

“Bwana,

KUH: KUPINGA NYONGEZA YA KODI YA DUKA

Tarehe 19 Machi nilipokea kwa simu picha ya notisi yako iliyoandikwa kwa Kiitaliano tarehe 3 Machi. Kwa jinsi nilivyotafsiriwa, notisi hiyo inataka kodi ya duka ipande kutoka shilingi 18,000 hadi shilingi 25,000 kwa mwezi kuanzia tarehe 1 Aprili. Ikiwa tafsiri hiyo ina kosa, tafadhali nijulishe kwa maandishi.

Sikubali nyongeza hiyo. Upangaji wangu unalindwa na Sura ya 301 ya Sheria za Kenya. Kifungu cha 4 kinataka notisi iwe katika fomu iliyowekwa na sheria, ieleze sababu, na isianze kutumika kabla ya miezi miwili tangu ipokewe. Notisi yako haikutimiza masharti hayo.

Nitaendelea kulipa shilingi 18,000 kila mwezi kwa tarehe ya kawaida, hadi tutakapopatana kwa maandishi au jambo hili litakapoamuliwa kisheria. Tumeishi kwa wema miaka sita, na niko tayari kuonana na mwakilishi wako.

Wako mwaminifu.”

MWANAHAWA: Mama mdogo alitaka tuandike “sitaweza kulipa”. Aliona “sikubali” ni ukosefu wa adabu kwa mtu mzima.

KAZUNGU: Namwelewa, ni malezi yetu. Lakini “sitaweza” ni habari ya mfuko wako. Atakujibu, haya, nakuongezea mwezi ujitayarishe, na utakuwa umekubali deni. Sheria inauliza unakubali au hukubali, kwa hiyo jibu liwe kwa neno hilo hilo. Adabu tukaiweka kwingine, kwenye “Bwana”, kwenye “tafadhali”, kwenye ile miaka sita ya wema. Nikafuta pia “naomba radhi kwa usumbufu”. Radhi ya nini, naye hajakosa?

MWANAHAWA: Na yale maneno “kwa jinsi nilivyotafsiriwa” mimi ndiye niliyeyashikilia. Mama mdogo hawezi kuapa kwamba karatasi inasema hivi, kwa sababu hakuisoma yeye. Anaweza kuapa kwamba ndivyo alivyoelezwa. Kama nimekosea neno, mwenye karatasi atasahihisha, wala kosa langu halimgeuzi mama mdogo kuwa mwongo.

KAZUNGU: Kuna msikilizaji atauliza, kwa nini Mtaliano aandikiwe Kiswahili?

MWANAHAWA: Kwa sababu anayetia sahihi ni mama mdogo, na mtu asitie sahihi kwenye lugha asiyoisoma. Halafu Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hii, kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010. Nikamtafsiria kwa Kiitaliano kwenye ukurasa wa pili, kwa heshima yake, na juu tukaandika kwamba barua ya asili ni ile ya Kiswahili. Huko nikatumia *conduttore* bila wasiwasi.

KAZUNGU: Tukachapa nakala mbili. Msimamizi akabaki na moja, ya pili akaiandikia “Nimepokea”, jina, tarehe na sahihi. Kisha tukampigia picha barua yenyewe tukamtumia mwenye jengo kwa simu.

MWANAHAWA: Pembe zote nne.

KAZUNGU: Pembe zote nne. Kodi ya Aprili ililipwa kwa M-Pesa, 18,000, kabla ya siku yake, na ule ujumbe haukufutwa. Hilo muhimu, kwa sababu ukipinga nyongeza halafu ukachelewesha ya zamani, umempa mwenye jengo kesi nyingine ambayo ni nzuri kuliko ya kwanza.

MWANAHAWA: Niseme jambo kwa wapangaji wa nyumba za kuishi. Barua hii msiinakili. Sura ya 301 ni ya biashara. Nyumba za kuishi zina sheria nyingine, na ulinzi wake ni kwa kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, jambo ambalo siku hizi wachache wanalo. Huko utaangalia zaidi mkataba wako.

KAZUNGU: Sasa waambie kilichofuata.

MWANAHAWA: Mwenye jengo hakujibu zaidi ya mwezi mzima. Tarehe 12 Mei akaja msimamizi na bahasha. Ndani, fomu yenyewe ya sheria, imejazwa, sababu zimeandikwa, kodi 22,000, kuanzia tarehe 1 Agosti.

KAZUNGU: Ameshuka 3,000, na safari hii karatasi iko sawa. Miezi miwili imezidi. Kwa hiyo barua pekee haitoshi tena. Hadi tarehe 12 Juni mama mdogo awe amejibu kwa maandishi kwamba hakubali, na kabla ya tarehe 1 Agosti awe amelifikisha jambo mbele ya baraza. Akilifikisha, nyongeza inasimama mpaka waamue. Asipolifikisha, barua itakuwa nzuri na kodi itapanda vile vile.

MWANAHAWA: Yeye anasema 20,000 angelipa kwa moyo mmoja.

KAZUNGU: Basi aandike yote mawili kwenye barua ya pili. Kwanza hakubali 22,000, halafu yuko tayari kwa 20,000 wakipatana kwa maandishi. Aanze na la kwanza.

MWANAHAWA: Leo jioni niko dukani kwake. Risiti za miaka sita amezitia kwenye bati la biskuti, tunazipanga mwaka kwa mwaka.